Video ya gari lako isimwonyeshe kila mtu lango la nyumba yako

Siku hizi motokaa nyingi mjini zina kamera ndogo iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Dereva akikutana na kioja barabarani, jioni video huwa tayari imefika katika kikundi cha Watsapu cha mtaa, na kutoka hapo haijulikani itaishia wapi. Watu hutazama kioja, lakini wachache hutazama mstari wa maandishi meupe ulio chini ya picha. Leo tuuzungumzie mstari huo.

Ndani yake mna tarehe, saa, kasi ya gari na tarakimu mbili ndefu, moja ikianza kwa S au N na nyingine kwa E. Hizo ndizo zinazoonyesha gari liko wapi duniani, kama kamera ilivyoambiwa na setilaiti. Tarakimu zikiwa nne baada ya nukta, mtu anaweza kujua ulipo kwa umbali wa mita kumi na moja hivi. Zikiwa tano, ni kama mita moja. Sasa fikiria video inayoanza gari likitoka langoni alfajiri. Anayeitazama amepata mahali unapoishi, na amejua saa ambayo nyumba hubaki bila mwenyewe.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Kamera huchora maandishi hayo juu ya picha wakati ule ule inaporekodi. Hayakuwekwa juu kama kitambaa kinachoweza kuvutwa, kwa hivyo hakuna kitufe cha kuyaondoa baadaye, wala hakuna picha safi iliyofichika chini yake. Unaweza kufanya mambo mawili tu: kuyafunika, au kuikata sehemu hiyo ya picha.

Tuchukue mfano. Familia moja ya Buruburu ilikuwa ikienda Machakos, na karibu na Mlolongo lori likawapita vibaya. Kamera yao iliweka safari hiyo katika faili la dakika tatu liitwalo `safari.mp4`, lakini tukio lenyewe lilichukua sekunde 25 tu, kuanzia dakika ya kwanza na sekunde ya kumi. Hatua ya kwanza ni kukata. Hakuna sababu ya kuwapa watu dakika tatu za safari yako ikiwa wanahitaji nusu dakika.

Hatua ya pili ni kupima mstari. Picha ya video hiyo ina vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, na hesabu huanzia pembe ya juu kushoto. Simamisha video, piga picha ya skrini kwa ukubwa wake kamili, kisha uifungue katika programu ya kuchorea. Ukipeleka kishale juu ya maandishi, programu itakuambia yanaanzia wapi. Hapa tuseme yanaanzia kitone cha 1020 kwenda chini. Tunaongeza nafasi kidogo na kuanza kufunika kutoka 1010.

Hatua ya tatu hufanywa kwenye kompyuta, kwa programu ya bure iitwayo `ffmpeg`. Amri ni hii, na uiandike yote kwa mstari mmoja:

```
ffmpeg -ss 00:01:10 -i safari.mp4 -t 25 -vf "drawbox=x=0:y=1010:w=1920:h=70:color=black:t=fill" -map 0:v:0 -an -map_metadata -1 safi.mp4
```

Sehemu ya `drawbox` ndiyo inayochora utepe mweusi wenye kimo cha vitone 70. Neno `fill` lisisahaulike, kwani bila hilo utapata fremu tupu ya mstari mwembamba na tarakimu zikichungulia katikati. Nayo `-an` huondoa sauti. Mara nyingi sauti ndiyo iliyobeba mazungumzo ya watoto kuhusu shule yao na nyumba ya shangazi.

Ikiwa utepe mweusi unakuchukiza, kata. Badala ya maneno yaliyo kati ya alama za nukuu, weka `crop=1792:1008:64:0`. Hapo unapoteza vitone 72 vya chini na 64 kila upande, na picha inabaki na umbo lake la kawaida. Kwa kawaida sehemu ya chini huonyesha boneti tu, kwa hivyo hupungukiwi na kitu.

Utauliza, mbona nisitie ukungu tu, unaopendeza zaidi? Tatizo ni kwamba tarakimu ni kumi tu, na mwandiko wa kamera haubadiliki. Mtu mwenye subira anaweza kutia ukungu kama huo juu ya kila tarakimu na kulinganisha na yako, mpaka zifanane. Tena video humpa picha nyingi kwa kila sekunde za kujaribia. Weusi mzito haumwachii cha kulinganisha.

Wengine hufanya kazi hii kwenye simu kwa kubandika umbo jeusi juu ya video. Hiyo pia inafaa, lakini chunga makosa mawili. Kwanza, umbo huwekwa kwa sekunde chache tu na kutoweka kabla ya video kwisha. Pili, mtu hupima mstari mwanzoni, wakati kamera haijapata setilaiti au gari liko katika kasi ya 9. Kasi ikifika 100, maandishi hurefuka na kutokeza nje ya umbo. Kwa hivyo funika upana wote wa picha, kisha utazame video mwanzo hadi mwisho, si sekunde ya kwanza pekee.

Hata hivyo, kufunika kinachoonekana hakutoshi. Kamera nyingi huandika mahali na kasi mara ya pili, ndani ya faili, ambako jicho halifiki. Kuzima maandishi kwenye menyu ya kamera, ambako huitwa `GPS Stamp` au `Speed Stamp`, mara nyingi hakuzimi rekodi hiyo ya ndani. Katika amri yetu, `-map 0:v:0` huchukua picha peke yake na kuacha mengine nyuma. Hakikisha kwa programu nyingine ya bure:

```
exiftool -ee safi.mp4
```

Ukiona mistari ya `GPS Latitude` au `GPS Speed`, usitume. Jaribu amri hiyo kwenye faili la awali pia, upate kuona tofauti.

Mwisho, usidhani kasi imefichika kabisa. Ikiwa video inaonyesha gari likipita madaraja mawili yaliyo mita 200 mbali kwa sekunde 9, mtu yeyote mwenye kalamu atapata kilomita 80 kwa saa. Vibao vya barabarani navyo vitasema ulipokuwa. Dawa ya hayo ni kukata fupi zaidi.

Na lile faili la awali usilifute wala kuliandika upya. Ajali ikitokea, polisi au kampuni ya bima watataka video kamili yenye saa na kasi yake, na nakala iliyofunikwa itazua maswali. Litoe kwenye kadi mapema, kwa kuwa kadi ikijaa kamera huandika juu ya video za zamani.

Tuonane Jumapili ijayo.