Orodha Ndani ya Sanduku la Benki

Watetezi wa uchunguzi shiriki wa siri, yaani utafiti ambao mtafiti hujiingiza katika kundi bila kujitambulisha, hudai kwamba Laud Humphreys hakumkosea mtu: vyoo vya bustani za Marekani alimowachunguza wanaume waliokutana kwa ngono katika miaka ya 1960 vilikuwa mahali pa umma, njia nyingine haikuwapo, na hakuna aliyedhurika.

Hoja ya mahali pa umma inaishia mlangoni mwa choo, lakini Humphreys hakuishia hapo. Alinakili namba za magari, akapata majina na anwani kupitia kumbukumbu za polisi, kisha takriban mwaka mmoja baadaye, akiwa amebadili mwonekano, akawahoji wapatao 50 majumbani mwao kwa kisingizio cha utafiti wa afya.

Dhaifu kuliko yote ni dai la kutodhurika. Ngono ya wanaume hao ilikuwa jinai, wengi wao walikuwa wameoa, na orodha ya Humphreys iliyowataja, hata ikifungiwa katika sanduku la benki, ingeweza kudaiwa na mahakama. Kwamba haikudaiwa ni bahati, wala si ulinzi. Ridhaa, yaani kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa madhumuni na hatari, ingempa kila mmoja nafasi ya kukataa, na walionyimwa nafasi hiyo ndio hasa waliokuwa na kazi, ndoa na uhuru wa kupoteza.

Ama kuhusu kukosekana kwa njia nyingine, Humphreys mwenyewe alijitambulisha kwa wanaume takriban 12, nao wakazungumza naye kwa kirefu.