Daraja la 9 pekee halitoshi

Jamani, waundaji programu wenzangu, mbona tukienda KIPI kusajili alama ya biashara sote hukimbilia daraja la 9? Nasema hivi kwa kuwa nilifanya hivyo mwenyewe. Programu yangu ya kuweka madeni ya duka niliieleza kama "programu za tarakilishi", nikalipa, nikaenda zangu nikitabasamu. Kumbe wateja wangu hawapakui chochote! Wanafungua brauza, wanalipa kwa mwezi, na kazi yote iko kwenye seva yangu. Hiyo ni huduma, daraja la 42. La 9 ni la programu inayopakuliwa.

Ombi likishaingia unaweza kupunguza orodha, si kuipanua. Nikaanza ombi jipya, ada mpya, tarehe ya baadaye.

Kwa maoni yangu, andika kile mteja anacholipia: "kutoa programu ya mtandaoni, isiyopakuliwa, ya kuweka hesabu ya madeni ya duka". Ukiwa pia na programu ya simu, ongeza la 9. La 35 achana nalo, hata kama wateja wako ni wenye maduka. Wewe huuzi unga. Na usijaze usivyovifanya: alama isiyotumika miaka 5 mfululizo, mshindani anaweza kuomba ifutwe.