Muda wa kutoa jibu ni sehemu ya swali

Kwenye makundi ya marudio ya kidato cha nne yanayotuma swali la kila siku, saa ya kutoa jibu hupitwa haraka mno. Jibu likija dakika tano baada ya swali, wengi husoma tu na kuridhika kwamba wanalijua. Katika kundi letu, sisi hutuma swali asubuhi na jibu saa mbili usiku, ili hata anayetoka shule jioni apate nafasi ya kushika kalamu.

Chukueni swali hili: shati limepunguzwa bei kwa 20% na sasa linauzwa shilingi 48,000. Bei ya awali ilikuwa ngapi? Wengi watajibu 57,600, kwa kuongeza 20% juu ya 48,000. Wajaribu kurudi nyuma: 20% ya 57,600 ni 11,520, ukiitoa inabaki 46,080. Haifiki. Punguzo lilikatwa kwenye bei ya awali, kwa hiyo 48,000 ni 80% yake, na jibu ni 60,000. Usiku, jibu lieleze pia 57,600 ilitoka wapi, maana aliyekosa anahitaji kuona alipoteleza.

Na maneno ya kutia moyo yanayoambatana na swali yachaguliwe kwa uangalifu. "Swali rahisi la leo" humnyamazisha aliyekwama. Sisi huandika: "Tuma hatua uliyofikia, hata kama hujamaliza." Walimu mnaoongoza makundi haya, tafadhali msitoe jibu kabla ya saa mliyotangaza, hata mkiombwa.