Wazazi wa Butembo na Beni, tunaogopa radio bure na skana tunaikimbilia

Mama mmoja wa mtaa wa Furu, hapa Butembo, aliniuliza swali ambalo wazazi wengi wanalo moyoni. Mtoto wake wa miaka 5 alikuwa amekohoa kwa wiki tatu, na muganga akaandika radio ya kifua. Mama alikataa. «Mwaka huu wamemupiga radio mara moja tayari,» alisema. «Hiyo mionzi itamuharibu damu.» Lakini siku chache baadaye, mtoto huyohuyo alipoanguka kutoka kwenye ukuta mfupi wa nyumba, mama alikuwa tayari kukopa pesa ili apigwe skana ya kichwa.

Simlaumu. Hakuna aliyemweleza kwamba mashine hizo hazilingani hata kidogo. Kwa maoni yangu, hofu yake imekaa mahali pasipofaa: aliogopa kipimo chenye mionzi kidogo sana, tena chenye faida kubwa, na akakimbilia chenye mionzi mingi bila kuuliza kama kinahitajika.

Tuanze na ekografia. Hiyo haina mionzi kabisa. Inatumia sauti ambayo sikio halisikii: sauti inaingia mwilini, inarudi, na mashine inachora picha. Mama akienda kuangaliwa mimba, au mtoto akiangaliwa tumbo, dozi ya mionzi ni sufuri, hata akirudia mara kumi. Ila ekografia ina mipaka. Sauti hiyo haipenyi vizuri mfupa wala hewa. Kwa mtoto mchanga ambaye utosi bado uko wazi, muganga anaweza kuona ubongo kupitia hapo. Kwa mtoto wa miaka 5 fuvu limefunga, kwa hiyo ekografia ya kawaida haiwezi kuonyesha kama ubongo unavuja damu.

Radio na skana zote mbili zinatumia mionzi ya eksirei. Dozi yake inahesabiwa kwa milisiverti. Ili tuelewe ukubwa wake, tukumbuke kwamba kila mtu anapata mionzi kila siku kutoka udongoni, angani, hewani na hata katika chakula. Wastani wa dunia ni milisiverti 2,4 kwa mwaka. Radio moja ya kifua ni kama 0,02. Hiyo ni mionzi ambayo mtoto angepata kwa siku tatu tu akicheza nyumbani. Tena mionzi haibaki mwilini: mashine ikizimwa imekwisha, kama mwanga wa tochi.

Skana ni jambo lingine. Inazunguka mwili na kupiga picha nyingi sana, vipande kwa vipande. Tuchukue mtoto wetu wa miaka 5. Baada ya skana, mashine inaonyesha kwenye kioo namba inayoitwa `DLP`. Kwa kichwa cha mtoto wa umri huo, namba inayokaribia 500 ni ya kawaida katika hospitali za Ulaya. Ukizidisha 500 kwa 0,004, ambayo ni hesabu ya kichwa cha mtoto wa miaka 5, unapata milisiverti 2. Hiyo ni sawa na radio za kifua 100, au mionzi ya kawaida ya miezi kumi. Skana ya tumbo mara nyingi inapita hapo.

Na hapo ndipo penye kosa ambalo mzazi haoni. Kama fundi ameacha mashine kwenye mpango wa mtu mzima, namba hiyo inaweza kufika 1000, na mtoto anapata mara mbili ya alichohitaji. Picha itatoka nzuri sana, na hakuna atakayelalamika. Namba ya `DLP` ndiyo pekee itakayosema ukweli.

Je, milisiverti 2 zinaua? Utafiti uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2012 ulikadiria hivi: watoto elfu 10 wa chini ya miaka 10 wakipigwa skana moja ya kichwa, katika miaka kumi inayofuata kunaongezeka mgonjwa mmoja wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo. Hatari ni ndogo, lakini ipo. Kwa mtoto ni kubwa kuliko kwa mzee, sababu seli zake zinagawanyika haraka na ana miaka mingi mbele yake.

Basi swali la kweli ni hili: skana itabadilisha nini katika matibabu? Mtoto wa Furu alianguka kutoka kimo cha mita moja hivi. Alilia palepale, hakuzimia, hakutapika, hakulalamika kichwa sana, na jioni alikuwa anacheza. Utafiti wa Amerika Kaskazini wa mwaka 2009, uliofuata watoto zaidi ya elfu 42, ulionyesha kwamba kwa mtoto wa miaka 2 na zaidi asiye na dalili hizo, na ambaye hakuanguka kutoka zaidi ya mita moja na nusu, uwezekano wa jeraha kubwa la ubongo ni chini ya mmoja kwa 2000. Mtoto kama huyo anahitaji macho ya mama, hahitaji skana.

Lakini akiwa anasinzia isivyo kawaida, hatambui watu, anatapika, alizimia, kichwa kinamuuma sana, ana weusi nyuma ya sikio au maji maji yanatoka puani au sikioni, mpeleke hospitali mara moja. Huko muganga ataamua kama ni kumchunga kwa saa kadhaa au ni skana. Akisema skana, usihesabu tena mionzi. Damu inayovuja kichwani inaweza kuua kwa saa chache, na hatari ya skana si kitu mbele yake. Hata safari ya kutoka Beni hadi Butembo, au hadi Goma, ina maana siku hiyo.

Nionye pia juu ya mazoea mabaya: kupiga radio ya kichwa sababu skana haipo. Radio inaonyesha mfupa, haionyeshi ubongo. Mtoto anaweza kuwa na fuvu zima na damu inavuja ndani. Karatasi inayosema «radio ni nzuri» isimfanye mzazi alale usingizi wakati mtoto anazidi kusinzia.

Ninaomba mambo mawili. Hospitali zenye skana ziandike namba ya `DLP` kwenye matokeo ya kila mtoto, na mpango wa mashine ufuate umri wake. Nasi wazazi tutunze picha za zamani na kuzibeba, maana skana inayorudiwa kwa sababu ya kwanza imepotea ni mionzi ya bure na pesa ya bure.

Yule mama wa Furu alirudi kwa muganga. Mtoto alipigwa radio ya kifua, ile ya siku tatu za mionzi, na ikaonyesha nimonia. Sasa anatumia dawa. Skana hakupigwa, na deni halikuingia nyumbani.