Fomu moja ya forodha na shilingi mbili za Taveta

Kama umewahi kufika Taveta siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, unajua mambo yalivyo. Ng'ambo ni Holili, na mbele kidogo ni soko la Himo. Mama ananunua maharage kule kwa shilingi ya Tanzania, anauza huku kwa shilingi ya Kenya. Faida ni ndogo, na inaliwa mahali pawili ambapo hatupaangalii.

Pa kwanza ni njia ya panya. Wengi hupita huko wakiamini mpakani watatozwa ushuru. Sasa sikiza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo wako ukiwa hauzidi thamani ya dola 2,000, umezalishwa ndani ya Jumuiya, na uko kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unajaziwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapo hapo mpakani, na ushuru wa forodha haulipi. Magunia matatu ya maharage hayakaribii hata nusu ya kiwango hicho. Anayepita porini anamlipa wa boda, anamlipa anayemvusha, na mzigo ukikamatwa hana karatasi ya kujitetea.

Lakini usidanganyike, cheti hicho hakimalizi kila kitu. Maharage ni mmea, kwa hivyo unahitaji pia cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakonunua. Hapa ndipo wengi hukwama: ana karatasi moja mkononi, anaulizwa ya pili, anakasirika na kurudi porini. Ianze hiyo kabla hujapakia.

Pa pili ni kubadilisha pesa. Tuseme una elfu 40 ya Kenya na bei ya benki leo ni 20. Ungepata laki nane za Tanzania. Yule wa barabarani anakupa 19, unapata laki saba na sitini. Gunia likiwa laki mbili na nusu, matatu yanamaliza laki saba na nusu. Kwa bei ya benki ungebaki na elfu 50 ya usafiri na wapakizi, sasa umebaki na elfu 10. Umepoteza elfu mbili ya Kenya na hujatoka hata stendi! Na ukirudi na chenji ya Tanzania, unakatwa tena.

Usimuulize "rate ngapi", maana atakutajia namba tu. Muulize, "Nikikupa elfu 40, unanipa ngapi mkononi?" Waulize wawili, halafu hesabu mwenyewe kabla pesa yako haijatoka mfukoni.

Mimi nasema hivi: orodha ya bidhaa zisizotozwa ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, pale akina mama wanapopanga foleni, si ndani ya faili ofisini. Ukifika mpakani wiki hii, omba kuiona. Ukinyimwa, tuandikie siku na saa.