Ulimsainisha asifungue duka kama lako kwa miaka 5? Soma hii kwanza

Naona wengi wenu mnasainisha wafanyakazi karatasi ya "ukiondoka hapa usifanye biashara kama hii Kenya nzima kwa miaka 5". Hata mimi nilikuwa nayo, niliinakili tu mahali. Kijana wangu wa mauzo alipoacha kazi akafungua duka la chakula cha kuku ng'ambo ya barabara, nikaitoa kwa mbwembwe. Kumbe ilikuwa nyepesi kuliko gazeti la kufungia maandazi.

Kenya tuna sheria ya mikataba inayomzuia mtu kufanya biashara, Sura ya 24. Haisemi kila katazo ni bure. Inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kulibatilisha ikiona limezidi kiasi, ukiangalia aina ya kazi, muda na eneo. Sasa mimi nauzia mitaa miwili, namzuia kijana asiuze Kisumu ya nini? Na kuogopa mpinzani peke yake si sababu. Lazima kuwe na kitu chako halisi unacholinda, kama siri ya biashara au wateja waliomzoea yeye akiwa kwako.

Kwenye siri ndipo wengi hukosea. Huko Uingereza kampuni ya Faccenda iliuza kuku kwa magari yenye friji. Meneja wake wa mauzo, Fowler, akaondoka, akaanza biashara ile ile njia zile zile, na baadhi ya wauzaji wakamfuata. Mkataba wake haukuwa na katazo lolote. Kampuni ikashtaki kwamba ametumia majina ya wateja, siku za kupeleka mzigo na bei. Mahakama ya Rufaa ikasema hizo si siri za kumfunga mtu akishaondoka. Alizijua kwa kufanya kazi, zimo kichwani mwake. Korti zetu zilirithi sheria za Kiingereza, kwa hivyo hukumu kama hii hutajwa hata huku.

Lakini angekuwa amepiga picha daftari la wateja usiku kabla ya kuacha kazi, hiyo ni hadithi nyingine. Ukiwa bado unalipwa mshahara, una wajibu wa uaminifu kwa mwajiri hata kama hukusaini chochote. Kwa hivyo ukitaka kesi, usitafute nani amehama na wateja. Tafuta nani alibeba daftari, na lini.

Kijana wangu hakubeba kitu. Alikuwa anajua tu mama fulani hununua magunia mawili kila Ijumaa. Nikamwacha.

Karatasi yangu ya sasa ina mistari mitatu: asiwafuate wateja aliowahudumia yeye mwenyewe, kwa miezi 3, arudishe daftari na laini ya simu ya duka, mchanganyiko wangu wa chakula cha vifaranga asimwambie mtu. Huo mchanganyiko nimeuandika na kuufungia kabatini, kwa sababu kitu kinachoning'inia ukutani huwezi kukiita siri mbele ya hakimu. Miezi 3 inanitosha kumpeleka muuzaji mpya kwa wateja wakamzoea.

Yule wa ng'ambo bado yupo, na bei yake ya pumba ni nzuri kuniliko, lazima nikiri.