Baba Azungumze na Mwanawe Mapema

Wazazi wenzangu, kule Mbale kijana anayengojea imbalu, yaani tohara ya Wagisu, huwa na wajomba na wazee wa kumfunda. Mwenzake aliyekulia katika nyumba za askari mjini Jinja yuko mbali nao, basi kazi hiyo humwangukia baba.

Baba na aanze na jambo ambalo huenda kijana ameshaliona. Amwambie: "Mwanangu, ukiamka ukakuta shuka imelowa, usidhani umekojoa. Ni manii yaliyotoka usingizini."

Kijana akiuliza, "Je, baba, nitaishiwa nguvu?" ajibiwe: "La. Mwili hutengeneza mengine kila siku. Wengine huota hivyo mara kwa mara, wengine hawaoti kabisa, na wote ni wazima." Shuka aifue mwenyewe, wala asihojiwe mbele ya dada zake. Katika nyumba ya Kiislamu, hapo ndipo pa kumfundisha josho la janaba.

Uume kusimama alfajiri, au hata darasani pasipo fikra yoyote, ni kawaida pia, nao hutulia wenyewe. Lakini ukisimama kwa maumivu na usilale kwa muda wa saa 4, aende hospitali. Jambo hili huwapata hasa wenye selimundu, ugonjwa ambao si mgeni katika mashariki ya Uganda. Wao wasingoje hata muda huo uishe.

Asiyetahiriwa avute govi taratibu kila aogapo, mpaka linapofika bila ya kuuma, aondoe utando mweupe kwa maji, kisha alirudishe mbele. Asilisahau nyuma, kwani laweza kukaza na kuvimbisha kichwa cha uume. Likikataa kurudi, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Mazungumzo haya yana faida moja kubwa kuliko zote: kijana aliyezoea kuyasema haya hataficha maumivu ya korodani. Tuseme mvulana wa miaka 14 anaamshwa saa 10 alfajiri na maumivu makali ya ghafla upande mmoja. Anatapika; korodani imepanda juu na kuvimba. Huenda imejisokota na kujikatia damu. Mwenye haya atasema tumbo linamuuma, apewe vidonge, na mchana korodani itakuwa inakufa. Saa 6 za mwanzo ndizo zenye matumaini makubwa. Kwa kijana huyu zinakwisha saa 4 asubuhi. Maumivu yakipungua yenyewe, bado aende, kwa maana korodani huweza kujisokota tena.

Asipelekwe kukandwa wala kungoja kukuche. Apelekwe moja kwa moja penye daktari wa upasuaji, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Jinja au ya Mbale, na njiani asile wala asinywe kitu, kwa kuwa huenda akapasuliwa mara afikapo.